Bei ya dumu la mawese haina kijito ndani yake

Ukisimama sokoni Kigoma asubuhi na kuuliza bei ya dumu la mawese la lita 20, muuzaji atakutajia bei, na ukimbana kidogo atakutajia na sababu zake. Chikichi zimepanda kwa kuwa msimu umekatika. Kuni siku hizi zinafuatwa mbali. Vibarua wa kukamua wanataka chao jioni ileile. Kuna pikipiki iliyoleta mzigo, kuna ushuru wa halmashauri. Kila aliyeligusa lile dumu amelipwa, na malipo yake yamo ndani ya bei. Aliyeguswa na dumu bila yeye kuligusa ndiye hayumo.

Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Wanauchumi wana jina la hasara yake: gharama ya nje, yaani gharama inayozaliwa na biashara ya watu wawili lakini ikaangukia wa tatu ambaye hakuulizwa. Mwingereza Arthur Pigou aliiandikia mwaka 1920 akiwa na moshi wa viwanda kichwani. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tuna mashine za mawese.

Msimu mmoja nilikaa nusu siku kwenye mashine moja, katika bonde ambalo vijito vyake huishia mto Luiche. Kazi yenyewe wenyeji mnaijua. Mikungu inakatwa, inaachwa siku kadhaa chini ya majani mpaka chikichi zilegee, zinapukutwa na kuchemshwa kwenye mapipa. Zikiiva zinatiwa kwenye mashine zikapondwa na kukamuliwa. Kinachotoka si mafuta bado, ni uji mzito mwekundu. Uji huo unaongezwa maji, unachemshwa tena, mafuta yanapanda juu, yanaenguliwa. Mise, yaani kokwa za chikichi, zinaanikwa pembeni zikisubiri mnunuzi, makapi yanarudi motoni. Kinachobaki chini ya pipa ni maji ya kahawia, mazito, ya moto bado, yenye harufu ya kuchachuka. Kijana mmoja aliinamisha pipa, yakashuka kwenye mfereji wa udongo hadi kijitoni.

"Mzee, haya yanaishia wapi?" nilimuuliza mwenye mashine.

"Si unaona kijito? Yanakwenda zake. Ziwa ni kubwa, mwanangu."

Ziwa Tanganyika ni kubwa kweli, lina kina cha karibu mita 1,470, ingawa samaki wanapumua kwenye tabaka la juu tu, la mita mia moja hadi mia mbili hivi, kwa sababu chini ya hapo hakuna oksijeni. Lakini kabla ya ziwa kuna kijito, na kijito si kikubwa.

Maji hayo hayana sumu ya kutisha. Hakuna zebaki ndani yake, hakuna dawa ya kuua wadudu. Ni mabaki ya chakula: mafuta yaliyosalia, nyuzi, sukari, asidi za mafuta. Ubaya wake ni kwamba ni chakula kingi mno. Yakiingia kijitoni, vijidudu vinayashambulia, na katika kuyala vinatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Maabara hupima jambo hilo kwa kuhesabu ni oksijeni kiasi gani vijidudu vinahitaji ili kumaliza uchafu ulio ndani ya lita moja, kwa siku tano, kwenye nyuzijoto 20. Niuite mzigo wa oksijeni. Maji mabichi ya viwanda vikubwa vya mawese duniani huwa na mzigo wa miligramu 25,000 hivi kwa lita. Maji safi ya kijito yakiwa vuguvugu kama ya kwetu yanabeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 kwa lita.

Zile namba mbili ziweke pamoja. Tuchukue mashine inayotoa madumu 20 kwa siku, yaani lita 400 za mafuta. Kwa uwiano wa viwanda vikubwa, tani moja ya mafuta huacha tani mbili na nusu hadi tatu za maji machafu, hivyo mashine yetu itamwaga kama lita 1,000 kwa siku. Mashine ndogo inaweza kutumia maji zaidi au pungufu, lakini uchafu wenyewe ni uleule, umezimuliwa tu au umekolea. Lita 1,000 mara miligramu 25,000 ni kilo 25 za oksijeni zinazodaiwa. Kijito kina miligramu 8 kwa lita. Kulipa deni hilo lote kunahitaji oksijeni yote ya lita milioni tatu za maji. Kwa njia nyingine ya kuhesabu, mtu mmoja kwa siku hutoa mzigo wa gramu 50 hivi kupitia choo na maji ya kuogea, kwa hiyo mashine ile moja inakichafua kijito sawa na watu 500 waliogeuzia vyoo vyao humo.

Huhitaji maabara kuliona hilo. Shuka na kijito mita mia mbili chini ya mfereji. Mawe yamevaa utelezi wa kijivu kama pamba iliyolowa. Mchanga ukiuchokoa kwa kijiti ni mweusi chini yake na unanuka yai viza. Juu ya maji kuna utando unaong'aa. Alfajiri, kabla jua halijaipa mimea ya majini nafasi ya kutengeneza oksijeni, samaki wadogo wanaelea midomo ikiwa juu, wanahema. Mama mmoja niliyemkuta akirudi na ndoo tupu alisema msimu wa chikichi hawachoti hapo, wananunua maji ya kisima kwa kijana wa toroli.

Huyo mama ndiye bei inayokosekana sokoni.

Sasa tumtie kwenye hesabu. Namba zinazofuata nimezipanga mwenyewe ili mfano ueleweke, si bei za soko la leo. Tuseme kaya 60 zilikuwa zikichota kijitoni, na sasa kila moja inanunua madumu matatu ya maji kwa siku, shilingi 300 kila dumu. Hiyo ni shilingi 900 kwa kaya, shilingi 54,000 kwa kijiji kila siku ya kukamua. Gawanya kwa madumu 20 ya mawese: kila dumu linaondoka na shilingi 2,700 za watu wasiohusika. Tuseme pia kwamba kuyasafisha maji hayo kwa mabwawa, ukihesabu uchimbaji, eneo na mtu wa kuyaangalia, kungemgharimu mwenye mashine shilingi 1,000 kwa dumu, yaani 20,000 kwa siku. Na faida yake ni shilingi 3,000 kwa dumu.

Kwa jamii nzima jibu liko wazi: tumia 20,000 uokoe 54,000. Lakini hakuna mtu anayeitwa jamii nzima anayekamua mawese. Anayekamua ni mzee yule, na kwake hesabu inasema tumia 20,000 uokoe sifuri. Mbaya zaidi, ng'ambo ya kilima kuna mashine nyingine isiyo na bwawa. Mzee akichimba na kupandisha dumu kwa shilingi 1,000, mnunuzi wa sokoni atalionja la mzee, atalionja la jirani, ataona ni mawese yaleyale. Mto hauna ladha ndani ya dumu. Atanunua la jirani. Kwa hiyo mwenye mashine mwema anakula theluthi ya faida yake, na mwaka mbaya anafunga. Ndiyo maana sipendi tukilieleza jambo hili kwa kusema wafanyabiashara wana roho mbaya. Soko linawachuja: linambakiza anayemwaga na kumwondoa asiyemwaga, bila kujali nani ana roho gani.

Kuna swali la haki kabisa hapa. Ikiwa kijiji kinapoteza 54,000 na tiba ni 20,000, kwa nini wasikutane wakaelewana? Mchumi Ronald Coase aliuliza karibu hivyo mwaka 1960. Hoja yake ni kwamba haki ya maji ikijulikana ni ya nani, na kukaa mezani kusipogharimu kitu, watu watapatana wenyewe na uchafuzi utafika pale unapofaa, iwe mwenye mashine atawalipa wanakijiji au wanakijiji watamlipa yeye achimbe. Watu wengi humnukuu mpaka hapo wakaishia. Lakini nusu ya pili ya hoja ndiyo nzito: kukaa mezani kunagharimu.

Jaribu kuitisha kikao hicho. Kaya 60, kila moja itoe shilingi 350 kwa siku ya kukamua. Nani anakusanya? Atakayesema hana leo, bwawa likichimbwa si naye atachota maji safi? Wakishaliona hilo kumi wa kwanza, mchango umekufa. Halafu juu ya kijito hakuna mashine moja, ziko tatu, na kila mmoja anaapa utando ule ni wa mwenzake. Halafu haki yenyewe: mzee anasema alikuta maji yakipita shambani kwa baba yake, wanakijiji wanasema kijito ni cha wote. Na mvuvi wa kule mlangoni mwa mto, ambaye hata jina la kijito hiki halijui, hakualikwa kikaoni. Kwa majirani wawili mapatano yanawezekana. Kwa bonde zima, gharama ya kupatana inazidi faida ya mapatano, na maji yanaendelea kushuka.

Basi inabaki serikali, na hapa nina ugomvi na namna tunavyoifanya kazi. Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi hulipa, na inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kumwaga majitaka mtoni kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na yetu, ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi zake ziko hapahapa Kigoma. Kiwango cha taifa cha maji yanayoruhusiwa kutoka ni mzigo wa miligramu 30 kwa lita.

Tazama tena: 25,000 kwenda 30. Mwenye mashine anayeambiwa aruke hapo kwa hatua moja hafanyi hata nusu ya njia, kwa sababu akifika 2,000 kwa jasho lake bado ni mvunja sheria sawasawa na aliyekaa na 25,000. Faini ya mara mojamoja nayo haina uhusiano na alichomwaga. Analipa kwa sababu alikutwa, hata kama kiasi chake ni kidogo. Ada ya kibali isiyobadilika ni hivyohivyo: ukishailipa, lita ya elfu moja unayoimwaga haikugharimu chochote. Pigou alichotaka ni kitu kingine, kwamba kila kilo ya uchafu iwe na bei yake, ili mwenye mashine akiipunguza aone nafuu siku ileile.

Nchi iliyolifanya hilo kwa mawese haswa ni Malaysia. Miaka ya sabini viwanda vyao vya mawese vilikuwa vimeiua mito mingi. Mwaka 1977 wakatunga kanuni za viwanda hivyo. Mwaka wa kwanza wa kuzitekeleza, 1978, kiwango kilikuwa miligramu 5,000, si 30. Kila mwaka kikashushwa, hadi 100 katikati ya miaka ya themanini. Na kila kiwanda kililipa kwa tani ya mzigo wa oksijeni kilichoumwaga: ringiti 10 kwa tani iliyo ndani ya kiwango, ringiti 100 kwa iliyozidi. Mwaka ule wa kwanza aliyeshindwa aliruhusiwa kuzidi mradi alipe. Baada ya hapo kiwango kikawa lazima, na leseni ikawa hatarini. Mzigo wa viwanda vyote, ukihesabiwa kwa watu kama nilivyofanya juu, ulikuwa sawa na watu karibu milioni 16 mwaka 1978. Katika miaka michache iliyofuata ulishuka chini ya milioni tatu, huku mafuta yakizidi kuzalishwa.

Kilichowasaidia hakikuwa mtambo wa ajabu. Yalikuwa mabwawa. La kwanza la kupozea na kunasa mafuta, ambalo hulipa sehemu ya gharama zake kwa mafuta yanayookolewa. La pili refu kwenda chini, lisilo na hewa, ambamo vijidudu vya aina nyingine vinaozesha uchafu kwa majuma kadhaa. Kisha ya kina kifupi yanayopata hewa na jua. Kwa mashine yetu ya lita 1,000 kwa siku, bwawa la kuozesha la siku 50 ni mita za ujazo 50: mita tano kwa tano, kina mita mbili. Lichimbwe kwenye mfinyanzi au lipakwe mfinyanzi, maana kwenye mchanga utakuwa umehamisha uchafu kutoka kijitoni kwenda kisimani. Mwanzoni linatiwa samadi ya ng'ombe ili vijidudu vipate mbegu, na halijazwi kwa pupa, kwa sababu likichachuka vijidudu hufa na utabaki na shimo la siki.

Lakini simulizi ya Malaysia ina mambo mawili ambayo wanaoisifia huyaruka. La kwanza, bwawa lisilo na hewa hutoa gesi, mita za ujazo 28 hivi kwa kila mita moja ya maji ya mawese, na zaidi ya nusu yake ni methani inayopasha dunia joto. Mto ulipona, hewa ikapokea mzigo, na hewa nayo haikuwa na bei. La pili linanigusa zaidi. Wachunguzi walipofuatilia nani hasa alilipa, waligundua kwamba sehemu kubwa ya gharama iliishia kwa wakulima wa michikichi. Viwanda havikuweza kupandisha bei ya mafuta kwa sababu bei inapangwa na soko la dunia, vikashusha bei ya kununulia matunda. Kigoma, ambako tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikihimiza watu wapande michikichi mipya ya aina ya Tenera, mkulima mwenye ekari mbili ajue kwamba ada yoyote ya mto itamfikia kupitia bei ya chikichi zake. Bado naitetea, kwa kuwa leo analipa yule mama wa ndoo, ambaye hata mchikichi mmoja hana. Ila tusidanganyane kwamba atalipa "kiwanda".

Kikwazo chetu cha kweli ni kupima. Malaysia ilikuwa na viwanda vikubwa vya kuhesabika, sisi tuna mashine zilizotawanyika kila bonde. Kipimo cha siku tano kinataka chupa iliyowekwa kwenye barafu, maabara, na mtu wa kurudi tena. Hakuna ofisi itakayofanya hivyo kwa kila mzee mwenye pipa.

Wazo langu ni kuanzia kwenye mise. Kila chikichi iliyokamuliwa inaacha mise yake, na mise hazitupwi, zinapimwa kwenye mizani na kuuzwa. Gunia la mise ni ushahidi wa kiasi gani kimekamuliwa, hivyo ni ushahidi wa kiasi gani kimemwagwa. Ada itozwe hapo, kwa kilo, kana kwamba hakuna bwawa. Mwenye bwawa linalofanya kazi arudishiwe. Na kujua kama linafanya kazi hakuhitaji barafu: maji mabichi ya mawese yana pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4 hadi 5, na yakishaozeshwa vizuri hupanda hadi karibu 7. Karatasi ya kupimia inakuambia hapohapo, na afisa mtendaji wa kijiji anaweza kuitumia. Najua tundu la wazo hili: kuna atakayetupa chokaa bwawani ili karatasi imsifu, kwa hiyo pua na utelezi wa mawe chini ya mfereji vibaki kuwa sehemu ya ukaguzi. Na wanunuzi wa mise, wengi wao kina mama, watataka kupitisha magunia usiku.

Niliporudi kwa mzee yule nilikuwa na karatasi hizo mfukoni. Tulichovya ya kwanza kijitoni, juu ya mfereji wake, ikatoka kijani. Ya pili tukaichovya kwenye maji ya pipa, ikageuka rangi ya chungwa, rangi ya uchachu. Aliishika ile ya pili muda mrefu, akaigeuza, akauliza bwawa la mita tano kwa tano linachimbwa kwa siku ngapi. Nikamwambia. Akatazama kule kilimani.

"Na yule wa ng'ambo naye mtamwambia achimbe?"

"Bado, Mzee."

"Basi mkishamwambia, njoo na jembe."